Tahadhari: Usibandike Amri Yoyote Ili Kurudisha Muonekano wa Zamani wa Kompyuta



Kuanzia Jumatatu kompyuta za idara zote zitakuwa na mpangilio mmoja wa skrini, ule ambao wenzetu wa uhasibu wameshaanza kuutumia. Nilikusudia kuwaandikia maelezo mafupi ya namna ya kuuzoea. Lililotokea uhasibu limenilazimu nianze na onyo.

Ukiwa unatafuta mtandaoni jinsi ya kurudisha muonekano wa zamani, kisha ukurasa ukakuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter, usifanye hivyo. Funga ukurasa na unipigie. Kama umeshafanya, unipigie sasa hivi kabla hujasoma mstari unaofuata. Namba imebandikwa juu ya kila skrini.

Mwenzetu mmoja hakupenda kuona kitufe cha Start kimehamia katikati. Badala ya kuja kwetu alitafuta mtandaoni namna ya kukirudisha kushoto, akabofya jibu la kwanza, ambalo kumbe lilikuwa tangazo la kulipiwa. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na rangi na alama kama za kampuni inayotengeneza Windows. Ukamtaka athibitishe kwanza kwamba si roboti, jambo ambalo sote tumelizoea. Akabofya kisanduku. Hapo ukamwambia hatua imebaki moja: abonyeze Windows na R, Ctrl na V, kisha Enter. Alibonyeza zile mbili za kwanza. Kabla ya Enter akajiuliza kwa nini uthibitisho wa tovuti unafanyika nje ya tovuti, akaja kuniita.

Kilichokuwa kinaendelea ni hiki. Alipobofya kile kisanduku, ukurasa ulinakili maneno kimyakimya na kuyaweka kwenye kumbukumbu ya kunakili ya kompyuta, kana kwamba ni yeye aliyebonyeza Ctrl na C. Windows na R hufungua kidirisha kidogo cha Run, ambacho kazi yake ni kutekeleza amri yoyote inayoandikwa ndani yake. Ctrl na V hubandika. Enter huendesha. Niliyabandika maneno yale kwenye Notepad ili niyasome bila kuyaendesha, na muundo wake ulifanana na huu, ila anwani nimeiondoa na kuweka isiyofanya kazi:

```
mshta https://mfano.invalid/a   # Mimi si roboti: uhakiki namba 7731
```

Sehemu ya kwanza ndiyo amri. Inaiambia kompyuta iende kwenye anwani ile, ichukue programu na kuiendesha. Maneno yanayofuata baada ya alama ya # ni pambo tu. Lakini kidirisha cha Run ni kifupi, na ukibandika mstari mrefu kinakuonyesha mwisho wake. Kwa hiyo macho yako yanasoma "Mimi si roboti" na amri yenyewe imejificha upande wa kushoto. Mara nyingine badala ya `mshta` utakuta `powershell`. Ukiona lolote kati ya maneno hayo mawili mahali ambapo ulitarajia kuthibitisha jambo, umeshajua uko wapi.

Mtego huu unaitwa ClickFix na umeenea sana tangu mwaka 2024. Nguvu yake ni kwamba hauvunji mlango. Unamwomba mwenye nyumba afungue. Programu ya kuzuia virusi hutilia shaka faili lililoingia lenyewe, lakini hapa aliyeandika amri ni mfanyakazi halali, kwa mikono yake, akiwa ameingia kwa jina lake. Wala kompyuta haitauliza nywila ya msimamizi, kwa sababu wizi wenyewe hauhitaji ruhusa hiyo. Programu inayoshushwa mara nyingi ni ya kukusanya siri: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na vile vitambulisho vidogo vinavyokifanya kivinjari kikumbuke kwamba umeshaingia kwenye barua pepe au kwenye tovuti ya benki. Hivyo vya pili ndivyo vinavyonitisha zaidi. Mwizi akivipata anaweza kuingia akiwa "wewe" bila kuulizwa ule msimbo unaotumwa kwenye simu. Programu mojawapo ya aina hii, Lumma, ilikutwa na Microsoft kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 duniani kati ya katikati ya Machi na katikati ya Mei 2025, kabla ya mitambo yake mingi kuzimwa.

Kwa nini nahofia wiki hii hasa? Kwa sababu mtu anayebadilishiwa skrini hutafuta msaada, na mtandao umejaa ushauri wa kweli unaofanana na mtego. Zipo tovuti za watu waaminifu zinazoeleza jinsi ya kurudisha menyu ya zamani kwa kubandika amri, na amri zao zinafanya kazi kweli. Ndizo zilizotuzoesha kubandika tusichokisoma. Siwalaumu, ila mimi mwenyewe kwa kutazama tu siwezi kila mara kutofautisha ukurasa wa mkweli na wa tapeli. Basi kanuni ya ofisi hii ni moja: hakuna badiliko la muonekano linalohitaji amri. Yote mnayoruhusiwa kubadilisha yapo ndani ya `Settings`, na haya ndiyo yatakayowasumbua wengi.

Kwanza kile kitufe cha Start. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye ule mstari wa chini, chagua `Taskbar settings`, fungua `Taskbar behaviors`, na kwenye `Taskbar alignment` chagua `Left`. Kinarudi kushoto papo hapo. Mstari wenyewe hauhamishiki kwenda juu wala pembeni katika toleo tulilofunga, na yeyote anayekuahidi hilo mtandaoni atakutaka ushushe programu. Usishushe.

Hapohapo kwenye `Taskbar behaviors` kuna kitu ambacho wahasibu watakipenda. Mafaili matano ya Excel sasa yanajikusanya kwenye alama moja na hujui lipi ni la mishahara na lipi ni la stoo. Tafuta `Combine taskbar buttons and hide labels`, chagua `Never`. Kila faili litapata kitufe chake na jina lake.

Menyu ya kitufe cha kulia imefupishwa, na hii ndiyo inayowapeleka wengi kwenye zile tovuti. Huhitaji tovuti. Shikilia Shift huku ukibofya kitufe cha kulia, na menyu ndefu ya zamani itafunguka moja kwa moja. Ukisahau Shift, chini ya ile fupi kuna `Show more options`.

Kwa wenye shida ya kuona, kuna njia mbili na hazifanani. `Settings`, kisha `Accessibility`, kisha `Text size` hukuza maandishi peke yake. Sogeza kitelezi na ubofye `Apply`. `Settings`, kisha `System`, kisha `Display`, kisha `Scale` hukuza kila kitu, pamoja na alama na madirisha. Anzeni na ya kwanza. Ya pili ikifika 150% kwenye skrini ndogo, programu kongwe, hasa ile ya uhasibu, inaweza kukatwa chini na kitufe cha kuhifadhi kikatoweka. Ikitokea hivyo ishusheni hadi 125%, programu haijaharibika.

Sasa mambo yasiyobadilika, ili mtu asihangaike nayo akaishia mikononi mwa matapeli. Alama za programu za ofisi zilizopo kwenye skrini zimewekwa kwa watumiaji wote wa kompyuta husika, ndiyo maana ukitaka kuifuta mojawapo utaulizwa nywila ya msimamizi. Programu tulizozibandika kwenye mstari wa chini unaweza kuziondoa, ila ukiingia tena utazikuta zimerudi. Vilevile orodha ya juu ndani ya Start. Si hitilafu wala virusi. Tumefanya hivyo ili mtu wa zamu akikaa kwenye kompyuta ya mwenzake akute kila kitu mahali pake, nasi tukimwelekeza mtu kwa simu tuwe tunaona anachokiona. Za kwako mwenyewe unaweza kuongeza, na za kwenye mstari wa chini zitabaki.

Jingine ni mafaili. Utakapowasha Jumatatu utakuta skrini tupu, bila zile barua na majedwali uliyoyatapanya juu yake kwa miaka. Hayajafutwa. Yamo ndani ya `Documents`, kwenye folda inayoitwa `Skrini ya zamani`. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu mtu anayedhani amepoteza ripoti ya mwaka yuko tayari kushusha chochote kinachojiita programu ya kurejesha mafaili, na mtego ni uleule.

Kuhusu kurudi kwenye Windows 10: haitarudi. Matengenezo yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Usiku wa leo tunafunga kidirisha cha Run kwa watumiaji wote wasiokihitaji kikazi. Hilo lisiwape usingizi, maana kuna aina nyingine ya mtego huu inayomwambia mtu abandike kwenye sehemu ya anwani iliyo juu ya dirisha la mafaili, kwa kisingizio kwamba anafungua waraka aliotumiwa. Huko hatuwezi kufunga bila kuwazuia kufanya kazi.

Kwa aliyekwisha kubonyeza Enter, iwe leo au wiki iliyopita: chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, lakini kompyuta yenyewe usiizime, kwani baadhi ya ushahidi unaishi kwenye kumbukumbu inayofutika ikizimwa. Usibadilishe nywila ukiwa kwenye kompyuta hiyo. Utakuwa unamkabidhi mwizi ile mpya. Nipigie kwa simu, usiniandikie barua pepe. Mimi nitakutoa kwenye vikao vyote vilivyo wazi, kisha utabadilisha nywila ukiwa kwenye kifaa kingine, ukianza na barua pepe na benki. Pengine hukuona lolote baada ya kubonyeza, dirisha jeusi limewaka na kuzima tu, au halikuonekana kabisa. Hiyo haimaanishi kwamba uko salama. Kama kilitumika kidirisha cha Run, Windows kwa kawaida hutunza orodha ya amri zilizoandikwa humo, na naweza kuitazama kwa dakika chache nikajua.

Mkuu wa utawala amekubali kwamba atakayejitokeza hatapewa barua ya onyo. Uhasibu nimeshazikagua kompyuta zote. Masijala na manunuzi nitapita kesho asubuhi kabla ya mpangilio mpya kufungwa kwao, kwa hiyo acheni kompyuta zikiwa zimewashwa mkiondoka leo.

Msimamizi wa mifumo,
Kitengo cha Tehama