Tusitafsiri Upya Kile Ambacho Waamini Tayari Wanakisali



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulitumwa Mtawanya, mkoani Mtwara, kukaa na waamini wa kigango kimoja. Huko tulikabidhiwa kijitabu cha sala kilicholetwa na marafiki kutoka Italia: sala za kuabudu Sakramenti Kuu, rozari na litania. Tuliombwa tukitafsiri ili waamini wakitumie Alhamisi jioni. Mmoja wetu anasoma Kiitaliano kidogo, nasi tuna kamusi, basi tukajiona tunaweza. Jioni nne tukamaliza, tukatoa fotokopi, tukazigawa. Tunaandika makala haya kwa sababu tulikosea, na kosa letu ni la aina ambayo frateri au padre yeyote anaweza kulirudia.

Ilipofika rozari, msomaji alitangaza kama tulivyoandika: "Fumbo la kwanza la furaha." Watu wakatazamana. Katika Kiitaliano neno ni "mistero", na kamusi inasema fumbo. Lakini Mkatoliki wa Tanzania tangu utoto wake anatafakari matendo ya rozari: matendo ya furaha, ya uchungu, ya utukufu, na yale ya mwanga aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Neno fumbo analijua, ila analisikia kwenye Misa baada ya mageuzo, linapotajwa fumbo la imani. Kwa hiyo Kiitaliano kina neno moja, na Kanisa letu lina mawili, kila moja na mahali pake. Nje ya kanisa, tena, fumbo ni maneno ya kuficha: mtu akikufumbia, hataki uelewe haraka. Katika rozari Mama Maria anatuonesha yale aliyoyatenda na kuyapitia Mwanawe, wala hatufumbii. Waliochagua "tendo" waliliona hilo.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, nalo lilitokea kwenye Sala ya Bwana. Kijitabu kilikuwa kipya, kwa hiyo kilifuata Misale ya Kiitaliano inayotumika tangu majilio ya mwaka 2020. Ndani yake maaskofu wa Italia walibadili ombi la mwisho-mwisho: mahali ambapo zamani walimwomba Mungu asiwaingize kwenye kishawishi, sasa wanamwomba asiwaache humo. Neno lao jipya ni "abbandonare". Sisi tukatafsiri: "usituache". Jioni ile nusu ya watu walisoma karatasi, na nusu wakasali kwa moyo kama walivyofundishwa, "usitutie". Sauti zikagongana, kisha zikafa. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyesali Baba Yetu, sala pekee ambayo kila mtu mle ndani aliijua pasipo karatasi.

Baada ya sala mama mmoja alitufuata. Alisema, "Mafrateri wangu, mimi niliachwa na mume. Sasa hapa namwomba Mungu asiniache, au namwomba asiniache niingie dhambini?" Hatukuwa na jibu la haraka. Alikuwa amegusa ugumu ambao kamusi haikutuonya. Kwa Kiswahili kuacha ni kumpa mke talaka, ni kutelekeza, na pia ni kuruhusu. Kumwacha mtu aanguke na kumwacha mtu peke yake ni mambo mawili yanayobebwa na kitenzi kimoja. Neno la Kiitaliano linabeba la kutelekeza tu.

Sababu iliyowafanya Waitaliano wabadili ni ya kweli. Kitenzi chao cha zamani, "indurre", kilifuata Kilatini "inducere", yaani kuingiza. Lakini katika mazungumzo ya leo kimesogea kuelekea kushawishi, kama vile Mungu ndiye anayetuvuta tutende dhambi. Papa Fransisko alisema mwaka 2017 kwamba tafsiri ya namna hiyo si nzuri, kwa kuwa baba hamsukumi mwanawe aanguke. Na Barua ya Yakobo, sura ya kwanza, inasema wazi kwamba Mungu hamjaribu mtu.

Je, "kutia" kuna ugonjwa huohuo? Tunaona kwamba hakuna kwa kiasi kilekile. Kutia ni kuweka ndani, kama vile kutia maji mtungini, nako kuko karibu na Kigiriki cha Injili, ambacho husema kuleta au kuingiza ndani. Ugumu upo, maana anayetia ni mtendaji, na mwamini anaweza kuuliza kwa nini Mungu atutie humo. Hapo ndipo katekesi inapohitajika: tunamwomba Baba atupitishe mbali na mahali ambapo tungeshindwa. Tena neno la Kigiriki linalofuata hubeba maana mbili, kishawishi na jaribu. Sisi Wakatoliki tunasema kishawishi, na jirani zetu Waprotestanti wanasema majaribu. Badiliko la Italia halijibu swali hilo, kwa sababu si swali lao.

Tena, si letu kubadili. Kwa barua yake "Magnum Principium" ya Septemba 2017, Papa Fransisko alieleza upya kwamba tafsiri za vitabu vya liturujia huandaliwa na kupitishwa na Baraza la Maaskofu la mahali, kisha huthibitishwa na Kiti Kitakatifu. Na zinatafsiriwa kutoka Kilatini. Misale ya Kiitaliano ni dada wa Misale yetu, si mama yake. Mfano mzuri ni sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa. Waitaliano waliongeza "na akina dada", kwa kuwa neno lao la ndugu ni la kiume. Angeliiga nani hapa kwetu? Neno "ndugu" tayari linawaita mwanamume na mwanamke pamoja.

Je, tusitafsiri chochote kutoka Kiitaliano? Hapana. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori aliandika kwa Kiitaliano Njia ya Msalaba na sala za kutembelea Sakramenti Kuu, na sala kama hizo haziwezi kutufikia bila mtafsiri. Kazi yake ianze kwa kalamu nyekundu kabla ya kamusi: apige mstari chini ya kila sala ambayo waamini tayari wanayo, kama Baba Yetu, Salamu Maria, litania na majibu ya Misa, na mahali pake aweke maneno yaleyale wanayoyasali. Aya za Biblia azichukue kwenye Biblia inayosomwa kigangoni. Kinachobaki ndicho cha kutafsiri, na akisome kwa sauti mbele ya katekista kabla ya kuchapa. Hata hivyo, kitabu cha sala kwa waamini kinahitaji idhini ya Askofu, kama Sheria za Kanisa zinavyoagiza katika kanuni ya 826.

Katika kijitabu chetu, tulipopiga mistari hiyo upya, zilibaki kurasa nne tu kati ya kumi na sita. Tumezitafsiri tena, katekista amezisikiliza na kutusahihishia maneno kadhaa, na sasa ziko mezani kwa paroko zikisubiri kupelekwa kwa Askofu. Yule mama tulimrudia kabla ya kuondoka. Tulimwomba radhi, tukamwambia asali kama alivyofundishwa na mama yake. Akajibu, "Ndivyo nilivyosali hata siku ile."