Asilimia Kumi ya Ruzuku Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Wazazi wa watoto wenye selimundu ninaowahudumia kliniki walinijia na mkataba mkononi. Walitaka kuomba ruzuku ya shilingi milioni 60 kwa ajili ya matibabu ya watoto 70 kwa mwaka mmoja, na walikuwa wamempata mwandishi wa andiko la mradi. Hakutaka malipo ya awali; angechukua asilimia 10 endapo ruzuku ingepatikana. Mama mwenyekiti aliniambia, "Daktari, hatuna senti ya kumlipa sasa. Tukikosa, na yeye amekosa." Nilimjibu kwamba makubaliano hayo yalikuwa ya haki. Nilikosea, na ninaeleza hapa kosa langu.

Kosa lilidhihirika tulipoketi kupanga bajeti. Tulitenga milioni 24 za dawa ya haidroksiyurea, milioni 14 za vipimo vya damu, milioni 8 za mafunzo, milioni 6 za usafiri, na milioni 8 za usimamizi na ukaguzi wa hesabu. Jumla ilitimia milioni 60. Ndipo mhasibu wa kikundi alipouliza: zile milioni 6 za mwandishi tuziandike wapi?

Hapakuwa na mahali pa kuziandika. Wafadhili wengi hawalipi gharama iliyotokea kabla ya mkataba wa ruzuku kutiwa saini, na kazi ya kuandika huwa imekwisha kabla ya siku hiyo. Hata kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani huihesabu gharama ya kuandaa maombi kuwa sehemu ya uendeshaji wa jumla wa taasisi, si kazi ya mradi husika. Kwa hiyo zilibaki njia mbili: kuongeza bei za vitu kwa uongo, au kupunguza fungu fulani kimyakimya baada ya fedha kuingia.

Fungu lililoonekana rahisi kupunguzwa lilikuwa la vipimo. Kila kipimo tulikipangia shilingi 20,000, hivyo milioni 14 zilitosha vipimo 700, yaani 10 kwa kila mtoto. Tukiondoa milioni 6, vinabaki vipimo 400, pungufu ya sita kwa mtoto. Wahudumu wa afya wanaelewa maana yake. Haidroksiyurea yaweza kushusha mno seli nyeupe za damu, na dalili ya kwanza huonekana maabara kabla mtoto hajapata homa. Ujira wa mwandishi ungelipwa kwa usalama wa mtoto anayemeza dawa hiyo.

Tena, asilimia humvuta mwandishi upande usiofaa. Kuandika ombi la milioni 60 na la milioni 120 ni kazi inayokaribiana, lakini ujira wa pili ni maradufu. Atashawishika kuahidi watoto 140 mahali ambapo muuguzi mmoja anaweza kuwafuatilia 70 tu. Ahadi ikishindikana, atakayehojiwa na mkaguzi ni kikundi. Mwandishi atakuwa ameshaondoka. Ndiyo maana vyama vya kitaaluma vya wachangishaji fedha na waandishi wa maombi ya ruzuku nchini Marekani vinakataza wanachama wao kulipwa kwa asilimia.

Hoja ya mama mwenyekiti, hata hivyo, haikuwa ya kupuuzwa: kikundi maskini kitamlipaje mtu kabla ya kupata? Tulirudi kwa mwandishi tukamwomba ataje siku za kazi badala ya asilimia. Alitaja siku 10 kwa shilingi 120,000 kila siku, yaani milioni 1.2. Kaya 40 zilichangia shilingi 30,000 kila moja kwa miezi mitatu. Tulimlipa kwa hatua: baada ya kusoma masharti ya mfadhili na kuthibitisha kwamba tunastahili kuomba, baada ya rasimu, na baada ya kuwasilisha. Sehemu ya kitabibu niliiandika mwenyewe bila malipo. Mkataba ulisema wazi kwamba andiko ni mali ya kikundi, na kwamba malipo hayategemei matokeo.

Sikatai kwamba elfu thelathini ni mzigo kwa kaya nyingi. Kikundi kisichoweza kuchanga kiasi hicho kianze na ombi dogo, au kimwombe mtaalamu ajitolee. Kisiweke rehani fedha za wagonjwa.

Ombi letu la kwanza lilikataliwa. Mwandishi alikuwa amelipwa, nasi tulibaki na andiko pamoja na maoni ya mfadhili kwamba mpango wetu wa ufuatiliaji ulikuwa hafifu. Tumeurekebisha, na sasa tunaomba kwa mfadhili mwingine milioni 30 kwa watoto 35. Vipimo 10 kwa kila mtoto vimebaki palepale.