Anza na Nanasi

Mtu mzima akiuliza aanze na filamu gani ya anime, mara nyingi huelekezwa kwenye Spirited Away ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2001. Ni filamu bora, wala sina ugomvi nayo. Lakini mgeni anaweza kuimaliza akiamini kwamba anime ni mizimu na maajabu tu, na kama hayapendi mambo hayo, hatarudi tena. Ndiyo maana toleo hili tumelipanga kufuata hali ya moyo. Kwa jioni tulivu, mtu anapotaka kukaa na kumbukumbu zake, mimi nachagua Only Yesterday, filamu ya Isao Takahata iliyotengenezwa na studio ya Ghibli mwaka 1991.

Hamna muujiza ndani yake. Taeko, mwanamke wa miaka 27 anayefanya kazi ofisini Tokyo, anachukua likizo kwenda Yamagata kuchuma maua ya manjano yenye miiba, ambayo hutolewa rangi nyekundu. Safarini anaandamwa na kumbukumbu za mwaka 1966, alipokuwa darasa la tano. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini hadithi kama hii ichorwe, wakati waigizaji wangeweza kuicheza mbele ya kamera.

Jibu limo katika tukio la nanasi. Nyumbani kwa Taeko limeletwa nanasi bichi, zima, na hakuna anayejua likatwe vipi, kwa kuwa nanasi walilolizoea ni la kopo. Kwetu, linakomenywa kando ya barabara, inabidi tujikumbushe ugeni huo. Linapokatwa hatimaye, familia nzima inazunguka meza, harufu inasifiwa, kila mtu anauma kipande chake, kisha kimya. Ni gumu, na utamu waliouota haupo. Wakubwa wanasogeza vipande vyao pembeni. Taeko peke yake anaendelea kutafuna, kwa sababu alilitamani mno hata hawezi kukubali kwamba limemwangusha.

Sasa tazama picha yenyewe. Sehemu za utotoni zimepakwa rangi hafifu, na kingo zake hufifia mpaka kuwa nyeupe. Kilichobaki wazi ni kile ambacho mtoto alikishika moyoni. Vingine vimeachwa vififie. Kamera ingenasa chumba chote, kilichokumbukwa na kilichosahauliwa, lakini mchoraji anaweza kuacha. Sehemu za utu uzima zimechorwa kinyume kabisa, mashamba yakiwa na rangi nzito na majani yakionekana moja moja. Huko Japani desturi ni kuchora kwanza, kisha sauti zinafuata. Hapa, kwa Taeko mkubwa, Takahata alirekodi sauti kwanza ili wachoraji wafuate midomo na misuli ya mashavu. Ndiyo sababu akicheka anaonekana na mikunjo usoni, jambo ambalo mwanzoni huwashtua waliozoea nyuso laini za katuni.

Filamu inachukua karibu saa mbili na haina haraka. Kama nusu saa imepita nawe bado unangoja jambo litokee, izime uirudie siku nyingine. Ukifika mwisho, usiguse rimoti majina yanapoanza kupita, maana uamuzi ambao Taeko ameukwepa muda wote anaufanya wakati huo huo.

Anayetaka kucheka na kulia katika kikao kimoja atafute Tokyo Godfathers ya Satoshi Kon, ya mwaka 2003. Watu watatu wasio na makazi wanaokota mtoto mchanga kwenye takataka usiku wa mkesha wa Krismasi, kisha wanaanza kumsaka mama yake. Sadfa ni nyingi mno, na zote ni za makusudi. Kwa jioni ya hofu, Kon huyo huyo alitengeneza Perfect Blue mwaka 1997, kuhusu mwimbaji anayeacha kundi lake ili awe mwigizaji na kuanza kupoteza mpaka kati ya maisha yake na kazi yake. Ina ukatili, na tukio la ubakaji linaloigizwa mbele ya kamera. Watoto wasiwepo sebuleni.

Kuhusu Grave of the Fireflies, ya Takahata tena, nasema kwa moyo wote: isiwe ya kwanza. Mwaka 1988 ilitolewa Japani pamoja na My Neighbor Totoro, onyesho moja filamu mbili, na ungedhani zote ni za watoto. Inaanza kwa kifo cha mvulana kwenye kituo cha treni, kisha inarudi nyuma kueleza jinsi yeye na dada yake mdogo walivyoachwa peke yao baada ya mabomu ya moto kuunguza Kobe mwaka 1945. Mwisho unaujua tangu dakika ya kwanza, na hilo haliupunguzii uzito hata kidogo. Itazame ukiwa umeshazoea mkono wa Takahata, na usipange kuangalia kitu kingine usiku huo.