«Kesho» ya kipande cha video ni siku gani?

Kuna jamaa zilizovuka mto kutoka Alunguli kuja upande wa Kasuku kwa sababu ya sekunde 19 nilizokata mimi. Walilipa pirogi, wakafika mahali pa kugawa chakula, wakakuta uwanja mtupu.

Siku mbili kabla, nilikuwa nimetangaza mkutano moja kwa moja kwa simu, saa moja na zaidi. Msemaji alisema: «Kila jamaa iliyohama itapata chakula kesho saa mbili asubuhi.» Nikaona hayo ndiyo maneno yenyewe, nikayakata, nikayatuma katika vikundi vya WhatsApp. Niliacha nje swali aliloulizwa, ambalo lilikuwa juu ya jamaa zilizokwisha kuandikwa, na sentensi iliyofuata: wasio na jetoni wangoje. Na ile «kesho»! Kipande kilizunguka siku tatu, na kila aliyekipokea alisikia kesho yake mwenyewe. Nilituma marekebisho, lakini sikuweza kukifuata kila kilikokwenda.

Wenzangu wa kazi wanasema kipande kifupi kianze na maneno ya moto, kwani mega ni bei na watu hawana subira. Mimi nakataa. Sekunde nane za mwanzo hazimalizi mega za mtu. Nilipaswa kukifungua kwa sauti yangu: mahali, tarehe, na kwamba ofisa anajibu swali juu ya jamaa zenye jetoni. Kisha jibu lenyewe.

Siku hizi, mkutano ukiendelea, naandika kwenye karatasi dakika ya kila neno zito. Nikirudi nasikiliza dakika mbili kabla yake na mbili baada yake, kwa sababu kwetu wakubwa wanasema kwa Kifaransa kisha wanarudia kwa Kiswahili, na mara nyingi sharti linatajwa katika lugha moja tu. Nikilikuta kwenye Kifaransa, nalisema mwenyewe kwa Kiswahili, nikitaja kwamba tafsiri ni yangu. Nakata pale mstari wa sauti unapolala, msemaji anapovuta pumzi. Tarehe naiandika juu ya picha yenyewe, toka mwanzo hadi mwisho. Maneno ya chini ya video hupotea mtu akiihifadhi na kuituma upya.

Mwisho ndio tunaupuuza zaidi. Video ikikatika ghafla, msikilizaji anafikiri ni mtandao, halafu anajimalizia habari mwenyewe. Naacha kimya kidogo baada ya neno la mwisho, kisha nasema: «Jibu lake limeishia hapo.» Muziki siweki.

Kabla ya kutuma nalaza simu kifudifudi, nasikiliza sauti peke yake. Nisiposikia nani anasema, wapi, siku gani na kwa ajili ya nani, narudi kukata. Kile cha sekunde 19 kingekuwa cha 50 hivi, na watu wa Alunguli wangebaki na franga zao za pirogi.