Marejeo mawili yanatosha

Binti anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili. Maelezo ya utafiti yasizidi maneno 500, naye amerundika marejeo 11. Mama akasoma, akauliza: "Mwanangu, wewe uko wapi hapa?"

Yakabaki mawili. Bhatt na wenzake (2015) walionyesha kuwa vyandarua vimepunguza sana malaria Afrika. Russell na wenzake (2011) waliona kwamba vyandarua vilipoenea vijijini Tanzania, mbu waliobaki walizidi kuuma nje. La kwanza linaeleza kinachojulikana, la pili linaonyesha pengo. Hapo binti akaandika swali lake: kijijini kwao, nani huumwa nje jioni, akifanya nini?

Mzazi, muulize mwanao kila rejeo linasema nini. Asiloweza kulieleza kwenye usaili, alifute.