Kipimajoto bila saa hakitoshi

Mwandishi, umetaja nyuzi 63 za kupasha maziwa bila kutaja muda, na kwetu wafugaji wa Handeni na Korogwe hapo ndipo penye hatari. Kwenye nyuzi 63 za Selsiasi maziwa yakae dakika 30 kamili. Kwenye 72, sekunde 15 zinatosha, kwani joto likipanda kidogo tu vijidudu hufa upesi zaidi. Kwa njia hizo Brusela na vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe hufa. Lakini spora za Basilasi, chembe zenye ganda gumu, hubaki hai. Maziwa yakiachwa vuguvugu, spora hizo huchipua na kuzaana. Kwa hiyo sufuria ikiepuliwa, iweke kwenye beseni la maji baridi, koroga, kisha hifadhi maziwa kwenye friji, nyuzi 4 au chini.