Kabla ya kubonyeza kutuma: Nasaha kwa wanaojitolea Kilosa na Mikumi



Msimu wa mvua unapokaribia, jumuiya za misaada katika Wilaya ya Kilosa huanza kujiandaa. Wakazi wa wilaya hii hawahitaji kukumbushwa sababu. Mwishoni mwa Desemba 2009 hadi Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika na maelfu ya watu wakahama nyumba zao wakaishi katika mahema. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila. Siku hizi maji yanapoingia majumbani, tangazo la kuomba msaada huwahi kufika Dar es Salaam kabla ya gari la kwanza la mablanketi kuondoka. Wanaolifikisha ni vijana wetu, mabinti zetu na akina mama wanaojitolea, kila mmoja na simu yake mkononi.

Juma hili tumeonelea tuzungumze na hao. Tangazo la msaada likishatoka kwenye simu yako hulimiliki tena. Litakwenda bila wewe, halitakuwa na mtu wa kulifafanua, na litaendelea kutembea hata baada ya haja kwisha. Kwa hiyo kila kinachohitajika kulilinda ni lazima kiwe ndani yake tangu mwanzo.

Tuchukue mfano. Maji yameingia katika nyumba 32 za Kata ya Ulaya, iliyo katika njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Mmoja wa wanaojitolea, kwa huruma yake, anaandika hivi: "HARAKA! Watoto wa Ulaya hawana pa kulala tangu jana. Tuma chochote ulichonacho kwa namba hii. Sambaza kwa watu kumi, usipuuze." Chini yake anaweka namba yake mwenyewe, na picha ya watoto watatu waliosimama mlangoni, mmoja akiwa na sare ya shule.

Nia yake ni njema. Lakini msomaji aliyeko Tanga akisoma "Ulaya" atawaza bara la Wazungu, na huenda akalidhani ni mzaha. Hapa kwetu majina ya namna hiyo ni mengi. Mtu wa mbali akisikia "Mikumi" huona twiga na tembo wa hifadhini, hauoni mji wenye watu. Akisikia "Ruaha" hudhani ni Iringa, hali tunayo Kata ya Ruaha ndani ya Kilosa. Basi jina la mahali liandikwe kwa ukamilifu: kata, wilaya na mkoa.

Kisha neno "jana". Tangazo likisomwa baada ya siku tano, jana yake ni siku nyingine. Likisomwa baada ya miaka miwili, bado litasema jana, na mtu mwema atatuma fedha kwa mafuriko yaliyokwisha kukauka. Tarehe kamili iandikwe, na pamoja nayo iandikwe siku ya mwisho ya kupokea michango. Vilevile "chochote" si hitaji. Asiyejua kinachotakiwa hutoa kilichomzidi, nanyi mtaletewa nguo chakavu wakati watu wanalala chini.

Tangazo hilo hilo lingeweza kuandikwa hivi: "Mafuriko, Kata ya Ulaya, Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro." Hapo ifuate tarehe ya tukio. Kisha: "Kaya 32 zimehifadhiwa shuleni. Yanahitajika mablanketi 64 na ndoo 32 za lita 20. Nguo zimetosha. Vitu vipokelewe ofisi ya jumuiya, Kilosa mjini, au kwa mwakilishi wetu stendi ya Mikumi. Fedha zitumwe kwa Lipa Namba ya jumuiya pekee. Likitokea jina lisilokuwa la jumuiya, usitume. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa kumi jioni." Mwisho wa yote liwekwe jina la jumuiya na namba ya simu ya ofisi ya kuulizia. Mtu akilisoma hilo Tunduma au Muscat, hana haja ya kumuuliza aliyemtumia.

Tusimame kidogo kwenye suala la fedha, maana ndipo amana inapopotea. Tapeli hahitaji kutunga tangazo jipya. Hulichukua la kweli, akaacha kila neno kama lilivyo, akabadilisha namba tu. Kwa sababu hiyo namba ya binafsi isitumike kamwe, hata iwe ya mwenyekiti mwaminifu kuliko wote. Namba ya binafsi huzoesha watu kuona jina la mtu wasiyemjua, na siku ya tapeli hawatashtuka. Ikitumika namba iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya, mtoaji analo jambo la kukagua mwenyewe: jina la mpokeaji linaloonekana kabla hajaingiza namba ya siri. Ndiyo maana jina hilo ni lazima litajwe ndani ya tangazo.

Kanuni ya pili ya fedha ni kwamba anayejitolea asiandike upya wala asinakili. Asambaze tangazo la asili kutoka kundi rasmi la jumuiya, ambamo viongozi pekee ndio wenye ruhusa ya kutuma. Ukiandika upya, kidole kikiteleza kwenye tarakimu moja, sadaka ya watu imekwenda kwa mgeni. Ukikuta tangazo lililobadilishwa namba, usilisambaze zima ukiliandikia juu neno "utapeli," kwani atakayefuata ataacha onyo na kubaki na tangazo. Mjulishe kiongozi wenu, ripoti namba hiyo kwa ujumbe wa simu kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu, kisha tuma tena tangazo la kweli mahali pale pale ulipoliona la uongo.

Wapo wanaodhani kwamba ufanisi ni kuhimiza "sambaza kwa watu kumi." Kinyume chake ndicho sahihi. WhatsApp humruhusu mtu kupeleka ujumbe uliosambazwa kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja. Ujumbe ukishapita mikono mitano au zaidi huwekewa alama ya kuwa umesambazwa mara nyingi, na hapo kila mmoja huweza kuupeleka kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Utaratibu huo uliwekwa ili kupunguza kasi ya uvumi, na mnyororo mrefu wa huruma hunasa humo humo. Wasomaji nao wamejifunza kuitilia shaka alama ile. Basi kila anayejitolea achukue tangazo kutoka kundi rasmi, asilichukue kwa jirani, na alipeleke kwa watu wachache wanaomjua, akitanguliza sentensi moja yake mwenyewe: "Shangazi, hawa nawafahamu, ofisi yao ipo karibu na kwetu." Sentensi hiyo ina uzito kuliko alama kumi za mshangao. Kwa ndugu zetu wa Mikumi, ambako magari ya Zambia na Mbeya hupita usiku na mchana, dereva mmoja anayewajua na kuwaamini anaweza kulifikisha tangazo, na hata mablanketi yenyewe, mbali kuliko makundi ishirini ya wasiojuana.

Sasa turudi kwa wale watoto watatu mlangoni. Sare inaonesha shule yao. Mlango unaonesha nyumba yao. Maneno yanasema hawana pa kulala. Mtu mwenye nia mbaya amepewa kila alichokihitaji. Na hata asitokee mtu huyo, mtoto huyo atakua. Miaka kumi baadaye, siku ya posa au ya kutafuta kazi, picha ile inaweza kuibuka. Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 264, imetuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Picha ya muhitaji inayozunguka nchi nzima ni simbulizi lisilokoma. Sheria ya nchi nayo imeligusa jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti.

Watu husema, "Tuliomba ruhusa." Je, mliomba lini? Mama aliyesimama kwenye foleni ya unga hawezi kukataa. Ruhusa yake pale ni woga wa kukosa unga. Mpeni kwanza haki yake, aondoke nayo, kisha ndipo aulizwe, tena na mwanamke mwenzake, na aambiwe wazi kwamba akikataa hakuna kitakachopungua. Mtoto hutolewa ruhusa na mzazi au mlezi wake. Na msimwahidi mtu kwamba picha itafutwa akibadili mawazo. WhatsApp huruhusu kumfutia kila mtu ujumbe kwa muda wa kama siku mbili hivi tangu kutumwa, na nakala zilizokwisha kusambazwa na wengine hazifutiki pamoja nao.

Njia iliyo salama ni kutoipiga picha hiyo kabisa. Pigeni picha ya ukuta wenye alama ya maji ilipofikia, ya mablanketi yaliyopangwa kabla ya kugawiwa, ya mikono ikipokea ndoo. Kuficha uso baadaye kwa wino wa simu hakutoshi, kwani sare na mlango bado vipo, na wino mwepesi huweza kuonesha kilicho chini yake. Jihadharini pia na kutuma picha kama faili ili isipoteze ubora, kwa kuwa faili huweza kubeba ndani yake mahali halisi ilipopigwa, ikiwa simu ilikuwa imewasha huduma ya mahali. Kwa picha ya ukuta si neno. Kwa picha ya nyumba ya mjane ni kumwelekeza mtu hadi mlangoni kwake.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ni kufunga tangazo. Ijumaa saa kumi ikifika, au mablanketi 64 yakitimia kabla yake, jumuiya itoe tangazo la kufunga: tumepokea kiasi gani, tumegawa kiasi gani, kimebaki nini na kimewekwa wapi. Kila aliyesambaza la kwanza alipeleke hili kwa watu wale wale. Atakayekutana na tangazo la zamani mwezi ujao atakuwa na la kulipinga, na shangazi aliyetuma shilingi elfu tano atajua zimekuwa blanketi.

Twapendekeza tangazo la mfano lichapwe na kubandikwa ofisini, na kila anayejitolea alipitie na mzazi au mwenzi wake nyumbani kabla ya mvua. Msomeeni mtu asiyeijua Kilosa. Akiuliza swali lolote, basi tangazo bado halijakamilika.

Wabillahi tawfiq.